Vidonge vya Mama Mizani

Chumba cha kusafishia damu kilikuwa na vitanda vinane, mashine nane na mizani moja, na mizani hiyo ndiyo iliyompa muuguzi mkuu wa chumba jina lake. Mtu ambaye figo zake zimekufa hukojoa kidogo sana au hakojoi kabisa. Maji anayokunywa hubaki mwilini mpaka siku ya mashine, na mizani huyasema yote. Hakuna mgonjwa aliyepanda kitandani bila kupimwa mbele ya muuguzi huyu, na aliyezidisha kilo hakupita bila kuambiwa lake. Wakamwita Mama Mizani, kwanza kichinichini, baadaye usoni, naye akazoea hata akawa anaitika.

Alikuwa na miaka arobaini na saba, mikono yenye nguvu na mgongo mbovu. Mgongo ulianza kwa madumu. Kila mashine hutumia dawa ya maji inayokuja kwenye madumu ya lita kumi, na stoo ilikuwa mwisho wa korido. Toroli la kuyabebea lilivunjika gurudumu, barua ya kuomba gurudumu ikaandikwa, ikajibiwa kwamba imepokelewa, basi. Akabeba kwa mikono, dumu huku na dumu huku, mpaka asubuhi moja aliinama kufunga kiatu akashindwa kunyanyuka. Daktari akamwandikia vidonge vya maumivu, diklofenaki, vya siku tano. Siku ya kwanza tu maumivu yakakaa kimya. Siku ya sita akaenda duka la dawa akanunua mwenyewe.

Hiyo ilikuwa miaka sita nyuma. Tangu hapo alimeza kimoja asubuhi na kimoja mchana, na siku nzito aliongeza cha tatu jioni.

Si kwamba hakujua. Kila mwaka walikuja wanafunzi wa uuguzi, naye ndiye aliyewafundisha kwamba dawa za kundi hilo hupunguza damu inayokwenda kwenye figo, kwamba zinapandisha presha, na kwamba mtu mwenye presha akizimeza miaka na miaka, figo huchakaa bila kupiga kelele. Yeye mwenyewe alikuwa na presha. Aliyajua hayo kama anavyojua jina la mama yake, na mchana wake ukifika alimeza.

Mtu anaishije na mambo mawili ya namna hiyo ndani ya kichwa kimoja? Mama Mizani aliishi nayo vizuri tu, kwa sababu kila mwaka ulimletea neno la kumfariji. Mwaka wa kwanza alijiambia ni kwa muda, toroli likitengenezwa ataacha. Baadaye akajiambia kwamba yeye hunywa maji mengi. Baadaye tena, kwamba bibi yake alimeza vidonge vya kichwa maisha yake yote akafa na miaka tisini, tena kwa kuanguka. Na kama hayo yote yangekataa, lilibaki hili: bila dawa hawezi kusimama, na asiposimama yeye, nani atawahudumia watu wanane? Hapo dawa ilikuwa imeshageuka kuwa sadaka.

Vilevile alijifunza kutotazama. Vidonge alivitoa kwenye boksi lake, karatasi ya maelezo akaitupa, akavitia kwenye kopo dogo la peremende. Na kila mwaka, wafanyakazi walipopimwa figo bure, yeye alijitolea kuwatoa wenzake damu. Alitoa damu mpaka ya mlinzi wa getini. Foleni ilipokwisha, na bomba za sindano nazo zilikuwa zimekwisha, au muda, au kitu kingine chochote.

Mgonjwa aliyemsumbua kuliko wote alikuwa dereva mstaafu wa malori, mzee mcheshi mwenye tumbo la kufurahisha. Jumatatu moja alipanda kwenye mizani huku akiangalia dari.

“Kilo nne na nusu, mzee,” alisema Mama Mizani. “Nne na nusu tangu Ijumaa!”

“Hiyo mizani yako mwanangu, tangu lini imepimwa?”

“Usinihamishe. Umekunywa nini?”

“Maji? Hata tone.”

“Sikusema maji.”

Mzee akafikiri. “Supu kidogo. Lakini supu si maji, mama, supu ni chakula. Na tikiti ni tunda.”

“Moyo wako utazama, mzee. Unasikia? Utazama ndani ya hilo tikiti lako.”

“Nina jirani yangu, daktari alimwambia hana hata miezi sita. Huu mwaka wa tatu, na juzi kaoa.”

Vitanda vyote vikacheka, na Mama Mizani akachomeka sindano kwa hasira, ingawa kwa ustadi.

Mshauri wa wagonjwa alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, amesomea saikolojia, mpole mpaka anaudhi. Alikuwa ameajiriwa mwezi huo. Siku ile, wakati wa chai, aliomba dakika kumi za wauguzi kwenye kile chumba chao chenye birika na viti visivyofanana.

“Mzee yule si mjinga,” alianza. “Anajua kuliko wengi wetu hapa. Anajua anataka kuishi, na anajua anakunywa kinachoweza kumwua. Hayo mawili hayakai pamoja kichwani kwa amani. Yanakwaruzana, na mkwaruzo unaumiza. Wenzetu waliochunguza jambo hili huliita mgongano wa mawazo. Mtu hawezi kukaa na maumivu hayo muda mrefu, kwa hiyo anatafuta njia ya kuyatuliza.”

“Si aache kunywa?” alisema Mama Mizani.

“Hiyo ni njia mojawapo, na ndiyo ngumu kuliko zote. Kiu ipo kila saa. Kuna njia rahisi zaidi: abadilishe wazo badala ya kitendo. Anasema supu si maji. Au anatafuta wazo la kuliegemeza lile jingine, kama lile la jirani aliyeoa. Au analipunguza jambo: kilo nne ni nini? Au anaishuku mizani. Au anaangalia dari asione namba. Yote hayo yanafanya kazi moja, kumpunguzia maumivu. Na hasemi uongo, mjue. Anapoyasema anayaamini.”

“Ndiyo maana tunamwambia ukweli kila siku.”

“Na kila siku anatoka na kisingizio kipya. Umeona? Ukweli unaongeza mkwaruzo. Usipompa na njia ya kubadilisha kitendo, ataongeza visingizio tu. Asiyejali hahangaiki kujitetea hivyo. Visingizio ni dalili kwamba anajali.”

Wauguzi wakatikisa vichwa kukubali. Mama Mizani aliona kijana amesema la maana. Akafungua daftari lake, akaandika juu ya ukurasa: Mzee Dereva. Chini yake akaandika visingizio vyake kimoja kimoja. Kisha akafungua kopo la peremende, akatoa kidonge, akakisukuma kwa chai. Hakuna aliyeona, na yeye mwenyewe hakuona.

Mwezi uliofuata aliletwa mgonjwa mpya, fundi cherehani, mwanamke wa miaka thelathini na mbili aliyekuwa na duka lake na vyerehani vitatu. Miguu ilikuwa imevimba mpaka viatu havimwingii. Figo zote mbili zilikuwa zimekwisha. Mama Mizani alimwandikia historia yake, kama alivyowaandikia wote.

“Umewahi kutumia dawa za maumivu?”

“Nimeshonea mgongo huu miaka minane, dada. Bila vidonge ningemaliza vipi nguo za watu?”

“Kila siku?”

“Kila siku. Viwili, vitatu.”

Daktari alikuwa mwangalifu. Alisema presha ya fundi huyu haikuwahi kugunduliwa wala kutibiwa, na hawezi kuapa kwamba vidonge peke yake ndivyo vilivyomfikisha pale, ila hakika vilisaidia. Fundi alimsikiliza, kisha akamgeukia Mama Mizani na kusema kwa sauti ya kawaida kabisa, “Ningejua nisingemeza hata kimoja. Kuna mtu aliniambia? Nani alikuwa anajua?”

Siku hiyo Mama Mizani alimfokea mfanya usafi kwa ndoo iliyokuwa mahali pake. Jioni, akimenya viazi, alimwambia mumewe, ambaye ni fundi majokofu, “Tumepata mgonjwa mpya. Lakini yule presha ndiyo iliyommaliza. Dawa hazikuwa na shida sana.”

“Dawa gani?” mumewe aliuliza.

“Za mgongo. Alikuwa anameza ovyo, bila mpango. Mtu anayejua anachofanya ni tofauti.”

Mume akaendelea kufuta bisibisi zake. “Mke wangu, mimi sikukuuliza habari zako.”

Kuanzia kesho yake alianza kuvunja kidonge cha mchana nusu. Kwa wiki mbili alijihesabu kama mtu aliyeacha.

Hapo ndipo mshauri alipokuja na jambo lake. Hospitali iliweka televisheni kwenye ukumbi wa kusubiria, naye alitaka wauguzi warekodi maelezo mafupi kwa ajili ya watu wanaosubiri: mmoja azungumzie chumvi, mmoja presha, mmoja dawa za maumivu.

“Hiyo ya dawa nilikufikiria wewe, mama. Kama utapenda. Usipotaka nitamwomba mwingine, hakuna neno.”

Angeweza kukataa. Alikubali, tena kwa furaha kidogo. Aliandika maneno mwenyewe siku mbili, akavaa sare iliyopigwa pasi, akasema mbele ya simu ya mshauri dakika nne bila kujikwaa. “Usimeze dawa hizi zaidi ya siku ulizoandikiwa,” alisema. “Usiseme mimi nina nguvu. Usiseme mimi nakunywa maji mengi. Figo haikuambii inapoumia. Ukianza kuona dalili, umechelewa.” Mshauri akasema ni nzuri kupita zote.

Kisha akampa karatasi tupu. “Nimewaomba na wengine waliorekodi. Andika siku zote za mwezi uliopita ambazo wewe mwenyewe hukufuata ulichokisema. Yule wa chumvi amesema mwenyewe kaandika kuhusu chipsi zake. Hutamwonyesha mtu, hata mimi. Ni ya kwako.”

Mshauri hakujua chochote kuhusu kopo la peremende. Angejua akamtega, Mama Mizani angekuwa na sababu ya kumlaumu.

Alikaa stoo juu ya dumu, akaanza kuandika. Jumatatu, viwili. Jumanne, vitatu, siku ile mashine ya tano ilipoharibika. Alipofika mwisho wa mwezi alijumlisha, akapata vidonge sitini na kimoja. Sauti yake mwenyewe ilikuwa bado kichwani, dakika kumi tu tangu aseme, na alikuwa amesema yale kwa kutaka mwenyewe, hakulazimishwa na mtu. Kisingizio cha maji alikitafuta, akakuta amekikataza kwa kinywa chake. Cha nguvu vilevile. Alijihisi kama mtu aliyefunga milango ya nyumba yote kisha akagundua yuko ndani.

Basi akakasirika. Kijana huyu, alijiambia, hajawahi kubeba dumu hata moja maishani mwake. Amesoma vitabu, amekuja kucheza na watu wazima. Akaichana karatasi vipande vidogo. Wiki nzima alimwita “profesa” mbele ya wenzake, na wenzake walicheka, nayo ikamsaidia siku tatu nne.

Tatizo lilikuwa televisheni. Kila nusu saa, Mama Mizani wa kwenye kioo alianza upya. Alikwenda kupunguza sauti, akisema inawasumbua wagonjwa. Fundi cherehani akaomba iongezwe. “Maneno haya nimempelekea dada yangu,” alimwambia. “Nimemwambia, huyu ninayemsikiliza si mtu wa kubahatisha.”

Jumatano iliyofuata, Mama Mizani alipokuwa akijaza maji ya chumvi kwenye mirija ya mashine ya Mzee Dereva, mgongo ulimkaba. Akashika ukingo wa kitanda, akangoja.

“Mgongo huo,” mzee alisema taratibu, bila mzaha. “Pole sana, mwanangu. Unatumia nini?”

Chumba kizima kilikuwa kinasikia.

“Nachua tu,” alisema. “Na mazoezi.”

“Ahaa. Ndiyo maana. Wewe unajua ya kufanya.”

Aliaminiwa papo hapo, bila hata swali la pili. Mzee ambaye kwa miaka miwili alibishana na mizani, na daktari, na hata kalenda, hakubishana na uongo wake. Mama Mizani alimaliza kumfunga mirija, akawasha mashine, akasimama mpaka damu ilipozunguka vizuri. Kisha akamwachia mwenzake chumba, akaenda maabara, akakunja mkono wa sare, akasema, “Nitoe damu.”

Mtu wa maabara alimtazama. “Wewe? Leo mvua itanyesha.”

Majibu yalitoka mchana: kreatinini, taka ya damu ambayo figo huichuja, ilikuwa kwenye ukingo wa juu, lakini ndani ya mstari wa kawaida. Mama Mizani aliisoma namba mara mbili. Miaka sita, na bado yuko ndani ya mstari! Alirudi chumbani akitabasamu, akameza kidonge kizima, kile cha mchana, si nusu. Na ilichukua muda, labda saa nzima, mpaka alipoelewa alichofanya. Alikuwa amechukua kipimo alichokwenda kukitafuta kwa hofu, akakitumia kama kibali.

Mtu wa maabara alimwambia alete na mkojo, kwamba damu peke yake ni nusu ya habari. Ilimchukua siku tisa kupeleka. Safari hii daktari alimwita akafunga mlango. Protini ilikuwa inavuja kwenye mkojo. Na ile namba ya damu, ukiipiga hesabu kwa umri wake na jinsia yake, ilisema figo zinachuja kwa kiwango cha hamsini na nane, pale ambapo mtu wa umri wake angetarajiwa kuwa na tisini au karibu yake. Presha nayo ilikuwa juu licha ya dawa.

“Tutarudia baada ya miezi mitatu kabla ya kuliita ugonjwa,” daktari alisema. “Unatumia nini?”

“Diklofenaki. Miaka sita.”

Daktari aliweka kalamu chini. Mama Mizani aliona afadhali angefoka.

Alimtafuta mshauri, akamkuta anakula ndizi ofisini kwake. Akaketi bila kukaribishwa, akamwambia yote, mpaka habari ya “profesa”.

“Siku ile kwenye chai,” alisema, “nilidhani unasema habari za mzee.”

“Nilikuwa nasema habari za mzee.”

“Niliandika daftari zima la visingizio vyake. Nusu ni vyangu, vimebadilishwa nguo tu. Na sasa? Najua kila kitu. Nilikuwa najua tangu mwanzo.”

“Kujua hakukukosekana,” mshauri alisema. “Niambie, hicho kidonge kinakufanyia nini hasa?”

“Kinanisimamisha.”

“Basi tuanzie hapo. Mgongo ni wa kweli. Ukiacha dawa bila kugusa madumu, wiki ijayo utakuwa na kisingizio kizuri kuliko vyote, tena cha kweli.”

Hakuna miujiza iliyofuata. Mumewe alikuja Jumamosi na bisibisi zake, akafunga gurudumu jipya kwenye toroli kwa dakika ishirini, kazi iliyosubiri barua miaka sita. Madumu yakahamishiwa kwenye kabati karibu na mlango. Mtaalamu wa viungo alimpa mazoezi ya kulala chali sakafuni, na daktari akambadilishia dawa ya presha, akamruhusu parasetamoli kwa kiasi siku za taabu. Wiki tatu za kwanza zilikuwa mbaya. Alitembea amekakamaa kama ngazi, alilia mara mbili stoo, na wenzake walimwona mkali kuliko kawaida.

Katika wiki ya pili alimwendea Mzee Dereva kitandani, akavuta kiti. “Nilikudanganya, mzee. Sikuwa nachua. Nilikuwa nameza vile vile ninavyovikataza kwenye televisheni, na figo zangu zimeanza kulegea.”

Mzee aliinua kichwa kwenye mto. Kisha kicheko kikaanza tumboni na kupanda. “Kumbe tuko wawili!”

“Tuko wawili. Sasa niambie wewe mwenyewe, mimi sitasema neno. Supu inaanzaje?”

Mzee akafikiri, akaeleza kwa mara ya kwanza: mkwe wake huiweka mezani, nyumba nzima inakunywa, na yeye kukaa na bakuli tupu anajiona tayari kafa. Walipanga kikombe kidogo cha kahawa kiwe bakuli lake, na mkwe akaambiwa. Tangu hapo alikuja na kilo tatu, tatu na robo. Wiki ya harusi ya mjukuu alikuja na nne, akaangalia namba yeye mwenyewe, akasema, “Hizo ni zangu.”

Mama Mizani aliteleza mara mbili katika miezi ile mitatu. Mara ya pili aliona jambo ambalo hakuwahi kuliona: sababu ilifika kabla ya mkono. Alikuwa amesimama mbele ya duka la dawa, na akilini lilishapita neno, leo tu, una haki, umefanya kazi ya watu watatu, kabla hata hajakumbuka kwamba mgongo unauma. Alinunua, akameza kimoja, vilivyobaki akampelekea mumewe na kumweleza. Mumewe alivipokea, akavitia kwenye kisanduku cha vifaa vyake, akaufunga mfuniko.

Vipimo vya mwezi wa tatu vilionyesha sitini na tatu, na protini imepungua nusu. Daktari alisema ni habari njema, lakini asitegemee kurudi tisini. Kilichokwenda kimekwenda, kazi ni kulinda kilichobaki. Mama Mizani aliomba namba hiyo iandikwe kwenye faili lake kwa wino, na akaomba tarehe ya kipimo kinachofuata hapohapo, asije akaitafutia udhuru.

Fundi cherehani alipata figo ya kaka yake mwaka uliofuata, akarudi kushona, lakini kwa saa chache. Mshauri alihamia hospitali nyingine. Kabla hajaondoka, Mama Mizani alimwomba wafute ile rekodi warekodi nyingine. Ilikuwa ndefu kidogo, na si nzuri kama ya kwanza. Alijikwaa mara mbili, na sare haikuwa imepigwa pasi. Alianza kwa kutaja miaka sita, idadi ya vidonge na namba ya figo zake. Wauguzi wawili walimwambia amejivunjia heshima. Mmoja wao, baada ya siku chache, alimfuata stoo, akafunga mlango, akamwuliza kwa sauti ya chini mahali anapoweza kupimwa bila watu kujua.

“Kunja mkono,” Mama Mizani alimwambia. “Sindano ninayo hapa.”